Monita ya inchi 27 kwenye Mac: nikikuza herufi zinapata ukungu, nikiziacha safi ni ndogo mno

Mfasiri_Tabata

Wakuu, salaam. Mimi ni mfasiri wa nyaraka za kisheria na ninafanyia kazi nyumbani, Tabata. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikisoma mikataba kwenye kioo cha MacBook Air ya M1, mpaka shingo na macho vikaanza kudai haki yao. Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo nikanunua monita iliyotumika ya inchi 27, ambayo lebo yake ya nyuma inasema 2560 kwa 1440, nikaiunganisha kwa adapta ndogo ya USB-C kwenda HDMI.

Ilipowaka mara ya kwanza maandishi yalikuwa safi kiasi, ila madogo. Monita iko sentimita 70 kutoka usoni kwangu, wakati kompyuta yenyewe huwa naisogeza mpaka sentimita 45 hivi. Nikaingia System Settings, kisha Displays, nikachagua 1920 kwa 1080. Herufi zikakua kama nilivyotaka, lakini zikaingia ukungu. Nikilitazama neno "mkataba" kwa karibu, mguu wa kwanza wa herufi m ni mweusi mwembamba, wa pili ni wa kijivu na umetanuka, na wa tatu haujulikani uko upande gani. Waraka huohuo kwenye kioo cha kompyuta unaonekana kama umetoka mtambo wa kuchapia.

Jirani yangu alileta kompyuta yake ya Windows, tukaiunganisha na monita hiyohiyo, na maandishi yakawa safi. Sasa sijui nimlaumu nani. Je, nirudi kwa muuzaji kabla muda aliokubali haujaisha, au kuna mpangilio ambao sijaugusa?

Mkwaju27

Dada, usirudishe monita. Tatizo hilo ni la Apple wenyewe. Tangu macOS Mojave ya mwaka 2018 waliondoa ule ulainishaji wa herufi uliokuwa ukitumia rangi tatu za ndani ya kila pikseli, na ndiyo maana Windows, ambayo bado inao, inaonekana safi zaidi kwenye monita za kawaida. Fungua Terminal, uandike amri hii, kisha utoke kwenye akaunti yako na kuingia tena:

```
defaults write -g CGFontRenderingFontSmoothingDisabled -bool NO
```

Mimi niliitumia zamani na herufi zilirudi kama mwanzo. Pia badilisha waya wa HDMI, kwa sababu waya za bei rahisi hufifisha maandishi.

Kipimapembe

Mkuu Mkwaju27, historia uliyoieleza ni sahihi, lakini tiba imepitwa na wakati. Amri hiyo ilifanya kazi kwenye Mojave. Kwenye matoleo ya leo, na hasa kwenye Mac za M1 na kuendelea, unaweza kuiandika usiku kucha na hakuna herufi itakayobadilika. Kuhusu waya, ishara ya HDMI ni ya kidijitali: waya mbovu hukuletea vimulimuli, skrini kuzimika na kuwaka, au kukosa picha kabisa. Hauwezi kukuletea ukungu wa upole unaokaa kwenye kila herufi m.

Dada Mfasiri, mimi ni mpangaji wa kurasa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, na meza zetu zina monita za aina hiyohiyo, kwa hiyo jambo hili nimelitafuna kwa muda. Kabla sijasema chochote naomba vitu viwili. Kwanza, fungua Terminal uandike:

```
system_profiler SPDisplaysDataType
```

Kwenye majibu, itafute monita yako na utunakilie mistari miwili, ule wa Resolution na ule wa UI Looks like. Pili, bonyeza vitufe vya monita yenyewe mpaka ifungue menyu yake, kisha utazame sehemu ya taarifa inasema inapokea picha ya ukubwa gani.

BiMkubwa_Kigamboni

Na mimi nina tatizo hilohilo, wanangu. Nimeunganisha Mac yangu na televisheni ya sebuleni ili nisahihishe mitihani ya wanafunzi. Maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe yanasomeka vizuri, lakini nikiandika kwa rangi nyekundu juu ya sehemu niliyoipaka buluu, herufi zinayeyuka kama barafu, na pembeni zinaota rangi ambayo sikuiweka. Nimejaribu kupunguza ukubwa, nimejaribu kuongeza, haisaidii. Je, nayo inatibiwa kwa amri hizo?

Mfasiri_Tabata

Shikamoo Bi Mkubwa. Kaka Kipimapembe, majibu ni haya:

```
Resolution: 1920 x 1080 (1080p FHD - Full High Definition)
UI Looks like: 1920 x 1080 @ 60.00Hz
```

Menyu ya monita nayo inasema inapokea 1920 kwa 1080. Nilidhani ingesema 2560 kwa sababu ndiyo pikseli zilizomo.

Kipimapembe

Basi chanzo kimeonekana. Monita yako ina pikseli 2560 kwa upana, na hizo haziongezeki wala hazipungui. Ulipochagua 1920, Mac ilichora picha yenye pikseli 1920 tu, ikaituma hivyo, na monita ikaachiwa kazi ya kuitandaza kwenye pikseli 2560. Ni sawa na kugawa chapati tatu kwa watu wanne: hakuna anayepata chapati nzima, na kila sahani ina kipande kilichokatwa kwa jirani. Mguu wa herufi m uliokuwa na upana wa pikseli moja sasa unatakiwa kuchukua pikseli moja na theluthi, na kwa kuwa theluthi ya pikseli haipo, monita inapaka kijivu pembeni. Kwa bahati ya mahali ulipoangukia, mguu mmoja hutoka mweusi na wa pili ukawa wa kijivu. Ndicho ulichokiona.

Kompyuta ya jirani ilikuwa safi kwa sababu, nina hakika, ilituma 2560 kamili. Windows huacha ukubwa huo ulivyo na kuzikuza herufi zenyewe kwa asilimia, 125 au 150, yaani inazichora upya zikiwa kubwa. Mac haina njia hiyo. Yenyewe inajua vipimo viwili tu vya kuchorea: kipimo cha kawaida, na kipimo cha mara mbili, ambacho programu nyingi hukiita HiDPI. Ukitaka ukubwa wa katikati, huchora kwa mara mbili kwenye turubai kubwa ndani ya kumbukumbu, kisha huipunguza turubai nzima ili iingie kwenye kioo.

Hapo ndipo tiba yako ilipo. Unahitaji mwonekano uleule wa 1920 kwa 1080, lakini uliochorwa kwa mara mbili, yaani turubai ya 3840 kwa 2160, ambayo Mac yenyewe itaipunguza hadi 2560 kwa 1440 kabla haijaituma. Herufi zitakuwa na ukubwa uleule unaoupenda sasa. Tofauti ni kwamba badala ya monita kubuni pikseli ambazo haikupewa, Mac itakuwa na maelezo mengi kuliko kioo kinavyoweza kuonyesha, na itayafupisha. Kufupisha kilicho kingi hutoa kingo safi kuliko kunyoosha kilicho kichache.

Shida ni kwamba Apple hawakuwekei chaguo hilo. Kwa monita ya 4K lipo moja kwa moja, lakini kwa monita ya 1440 mfumo huiona kuwa ni kioo cha kawaida, na kwa mara mbili hukupa mara nyingi 1280 kwa 720 tu.

Bi Mkubwa, shikamoo. Lako si hili, nitalirudia.

Mkwaju27

Hapo kwenye 1280 kwa 720 sikubali. Hiyo ni resolusheni ya video za zamani. Akiichagua si ndiyo ukungu utazidi maradufu?

Kipimapembe

Ingekuwa hivyo kama ingechorwa kwa kipimo cha kawaida. Ikichorwa kwa mara mbili, 1280 inakuwa 2560 na 720 inakuwa 1440, yaani pikseli moja ya turubai inakaa juu ya pikseli moja ya kioo bila kugawana na yeyote. Kwenye monita hiyo hakuna maandishi safi kuliko hayo. Dada Mfasiri anaweza kujaribu sasa hivi bila kuweka programu yoyote: aingie Displays, abonyeze Advanced, awashe Show resolutions as list, kisha kwenye orodha awashe Show all resolutions. Huenda 1280 x 720 ikajitokeza mara mbili, kwa hiyo ajaribu zote na arudie ile amri ya Terminal. Iliyo sahihi itaandika Resolution 2560 x 1440 na UI Looks like 1280 x 720.

Kasoro yake ni kwamba kila kitu kinakuwa kikubwa kama bango la barabarani. Menyu ya juu inakula nafasi, na ukurasa mmoja wa A4 hauingii mzima. Naipendekeza kama kipimo tu: ukiona herufi safi kwenye hali hiyo, monita na adapta ni wazima. Zikiwa na ukungu hata hapo, tunatafuta mchawi mwingine.

Mfasiri_Tabata

Nimejaribu. Ya pili kwenye orodha ndiyo iliyotoa majibu uliyoyataja. Kaka, maandishi ni safi sana, miguu yote mitatu ya m inalingana. Lakini kweli ni bango: nimefungua mkataba wa kurasa kumi na nikaona aya mbili tu. Angalau nimejua muuzaji hana kosa.

Msomaji_Mkimya

Naomba niingie, ingawa huwa nasoma tu. Nakubaliana na chanzo, sikubaliani na tiba. Monita ya inchi 27 yenye 2560 kwa upana ina takriban pikseli 109 kwa kila inchi, wakati kioo cha MacBook Air kina 227. Hata ukichora turubai ya ukubwa wa uwanja wa mpira, mwishowe unaikamua kwenye pikseli zilezile. Ninachoona mimi ni kwamba 2560 kwa 1440 ya kawaida, yaani ile aliyoianza nayo, ndiyo yenye kingo kali kuliko turubai yoyote iliyopunguzwa, kwa sababu haina kupunguza. Aiache hapo, na kama herufi ni ndogo aongeze ukubwa ndani ya Word na kwenye kivinjari kwa asilimia 125. Ataepuka kuweka programu za pembeni kwenye kompyuta yenye mikataba ya watu.

Kipimapembe

Hoja ya mwisho ni nzito na kwa kompyuta ya ofisini ambayo huruhusiwi kuigusa ndilo jibu pekee. Hasara yake ni kwamba menyu, majina ya mafaili na visanduku vya kuhifadhi vinabaki vidogo, na ndivyo vinavyochosha macho kwa anayefungua mafaili arobaini kwa siku.

Lakini tuangalie kwa nini herufi zilionekana ndogo kwake, kwa sababu hapo kuna hesabu ndogo nzuri. Kioo cha Air ya M1 kina upana wa karibu sentimita 28.7 na kwa kawaida huonyesha 1440 kwa 900, kwa hiyo kila nukta ya mpangilio ina upana wa milimita 0.20. Monita yake ina upana wa karibu sentimita 59.8, na kwenye 2560 kila nukta ni milimita 0.23. Kwa rula, herufi za monita ni kubwa zaidi. Ila anazitazama kutoka sentimita 70 badala ya 45, umbali uliozidi mara 1.56, na jicho linapima kwa umbali. Kwenye 1920, nukta inakuwa milimita 0.31, ambayo nayo ni mara 1.56 ya ile ya kompyuta. Kwa maneno mengine, kidole chake kilichagua 1920 kwa sababu macho yalikuwa yanatafuta ukubwa uleule yaliouzoea. Si anasa.

Kuhusu kukaza kingo, uko sahihi kwamba hatafikia kioo cha kompyuta. Kwenye 1920 ya mara mbili, kila pikseli tatu za turubai zinaingia kwenye mbili za kioo, na ukitazama kwa karibu utaona ulaini kidogo. Mimi nasema ulaini huo, kwa sentimita 70, ni mdogo kuliko usumbufu wa herufi ndogo. Wewe unasema vingine. Ajaribu aone.

Njia tunayoitumia kiwandani ni programu iitwayo BetterDisplay. Ina toleo la kutumia bure na baadhi ya vipengele ni vya kulipia. Ukishaifungua, nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya Displays, chagua jina la monita yako, ruhusu Edit the system configuration of this display model, kisha washa Enable flexible scaling na uthibitishe. Maneno yanaweza kutofautiana kidogo kulingana na toleo. Itakuomba neno la siri kwa sababu inaongeza faili linaloieleza macOS kwamba monita ya aina hiyo ina vipimo zaidi, na utahitaji kuwasha kompyuta upya. Baada ya hapo kwenye menyu yake kutakuwa na kitelezi cha ukubwa. Kisogeze hadi 1920 kwa 1080 na uhakikishe alama ya HiDPI imewashwa. Kisha rudia vipimo vyote viwili, Terminal na menyu ya monita. Ukiona Terminal inasema 3840 x 2160 huku monita ikisema inapokea 2560 kwa 1440, umefika.

Chuma_cha_Pua

Mkuu, nimefuata hatua hizo hapa Sinza kwa monita yangu pana, ile ya 3440 kwa 1440, na Mac mini ya M1. Vipimo vidogo vinakuja na HiDPI, lakini 3440 kwa 1440 yenyewe haiji kwa mara mbili. Nimefuta programu nikaiweka upya mara mbili. Rafiki yangu mwenye MacBook Pro ya M1 Pro anaipata bila shida kwenye monita hiyohiyo. Je, nimekosea hatua gani?

Kipimapembe

Hukukosea. Umegonga ukuta wa chipu. M1 na M2 za kawaida hazichori turubai yenye upana unaozidi pikseli 6144, na mara mbili ya 3440 ni 6880. M1 Pro na Max zinafika 7680, ndiyo maana ya rafiki yako inapita. Nusu ya 6144 ni 3072, kwa hiyo utafute kipimo chenye upana usiozidi hapo na chenye uwiano wa monita yako. Wa Tabata yuko salama, kwa sababu hata angetaka 2560 kwa mara mbili, turubai ni 5120 kwa 2880.

Sasa Bi Mkubwa. Wewe maandishi yako meusi ni safi, na tatizo linajitokeza kwenye nyekundu juu ya buluu tu. Hiyo ni dalili kwamba picha inatumwa kwa mtindo wa televisheni, ambapo mwangaza unapelekwa wote lakini rangi inapelekwa kwa kubana, pikseli kadhaa zikigawana rangi moja. Kwenye tamthilia huwezi kugundua, kwenye herufi nyekundu unagundua mara moja. Ukitaka uhakika, piga picha ya skrini kwa Command, Shift na 3, kisha uifungue picha hiyo kwenye kioo cha kompyuta yenyewe. Ikiwa pale ni safi, Mac imechora vizuri na uharibifu unatokea njiani au ndani ya televisheni. Ingia kwenye menyu ya televisheni, tafuta orodha ya njia za kuingizia picha, na ile uliyochomeka kompyuta uipe jina au alama ya PC. Televisheni nyingi zikiona alama hiyo huacha kubana rangi na huacha kukata kingo za picha. Ukiwa humo, shusha pia kile kipimo cha Sharpness, kwa sababu kikipanda kinachora mstari mweupe kuzunguka kila herufi.

Msomaji_Mkimya

Kipimo cha picha ya skrini ni kizuri, nakiongezea jambo. Vipimo vya picha hiyo vinakuambia pia ukubwa wa turubai. Ukiwa kwenye 1920 ya kawaida, picha itakuwa na upana wa 1920. Ukiwa kwenye ya mara mbili itakuwa 3840. Hauhitaji Terminal.

Mfasiri_Tabata

Nimerudi baada ya siku tatu, nikiwa nimejaribu hali zote kwa waraka mmoja uleule, mkataba wa pango wa kurasa sita, fonti ya Times ya ukubwa wa 12.

Terminal sasa inasema hivi, na monita inasema inapokea 2560 kwa 1440:

```
Resolution: 3840 x 2160 (2160p/4K UHD 1 - Ultra High Definition)
UI Looks like: 1920 x 1080 @ 60.00Hz
```

Tofauti na ile 1920 ya mwanzo ni kubwa. Miguu ya m imesimama, na vile vistari vidogo vya chini ya herufi za Times, ambavyo awali vilikuwa vumbi, sasa vinaonekana ni vistari. Nikiisogelea monita mpaka pua iguse, naona ulaini alioutaja Kaka Kipimapembe, hasa kwenye herufi i na l. Nikikaa kwenye kiti changu, siuoni.

Nilijaribu pia 2560 kwa 1440 ya mara mbili, kwa sababu mlibishana juu yake. Hapo Msomaji_Mkimya na mimi tutatofautiana: mimi niliona herufi zimekuwa za duara zaidi na nyepesi machoni kuliko 2560 ya kawaida, ingawa si kali zaidi. Mume wangu alitazama zote mbili akasema za kawaida ndizo nzuri. Kwa vyovyote vile ni ndogo kwangu.

Malalamiko mawili yamebaki. Maandishi yameonekana kuwa mazito, kama yamepigwa wino wa ziada. Na jana nilichomoa adapta nikaihamishia tundu la pili, monita ikarudi kwenye 2560 ya kawaida yenyewe.

Kipimapembe

La kurudi nyuma hutokea. Mara nyingi inatosha kuchagua tena ile 1920 ukiwa kwenye tundu hilo, na Mac itaikumbuka. Ikiendelea kusahau, baki na tundu moja, ndivyo tunavyofanya sisi na hakuna aliyelalamika.

Uzito wa herufi unatokana na macOS kuzinenepesha kwa makusudi. Kiwango chake unaweza kukishusha kwa amri hii, ambapo 0 ni kuzima kabisa, 1 ni kidogo, na 3 ni nyingi:

```
defaults -currentHost write -g AppleFontSmoothing -int 0
```

Toka kwenye akaunti na uingie tena ndipo utaona. Usipoipenda, irudishe ilivyokuwa kwa:

```
defaults -currentHost delete -g AppleFontSmoothing
```

Mkwaju27

Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta kichwani nilipotoa ile ya kwanza. Ila kwangu 0 ilifanya herufi nyeupe kwenye giza zikawa nyembamba kama uzi, nikabaki na 1.

Kipimapembe

Na kiwandani tumegawanyika vilevile. Wanaotumia mandhari meupe wako 0, wa mandhari meusi wako 1. Sina hoja ya kuwapatanisha.

Chuma_cha_Pua

Nimechagua 3072 kwa 1286, uwiano unakaribia, lakini naona mstari mwembamba mweusi juu na chini ya picha. Hesabu yangu imekosea wapi?

Mfasiri_Tabata

Nimeweka 0 na uzito umeondoka. Leo nimemaliza kurasa ishirini na mbili bila kuisogelea monita. Adapta nimeizungushia utepe kwenye tundu la kushoto, asije mtu akaihamisha.

BiMkubwa_Kigamboni

Marahaba wanangu. Nimeipa televisheni alama ya PC na nyekundu yangu sasa inasomeka juu ya buluu. Sharpness ilikuwa 50, nimeishusha mpaka 0 na ile mistari myeupe imeondoka. Tatizo jipya ni mjukuu, ambaye huchomeka king'amuzi kwenye tundu hilohilo kutazama mpira, na anasema tangu juzi majani ya uwanja yamepauka.